Mifugo Barabarani: Namna Ngamia, Ng'ombe, Mbuzi na Kulungu wa Aktiki Wanavyotaja Mahali Picha Ilipopigwa

Picha ya barabara kuu isiyo na kibao cha jina la mji wala maandishi ya duka inaweza kumkanganya mtazamaji. Lami inafanana kila bara, na nguzo za umeme na magari ya Kijapani yako karibu kila nchi. Lakini mnyama anayevuka lami hakuja hapo kwa bahati. Yuko hapo kwa sababu hali ya hewa inamfaa, kuna watu wanaomfuga, na desturi au sheria ya mahali hapo inaruhusu mifugo kutembea bila uzio. Mambo hayo matatu hayakutani kila mahali, na ndiyo maana kundi la wanyama humsaidia mtazamaji kujua ulipo upande ule wa dunia.

Hata hivyo, mnyama hutaja ukanda wa malisho, hataji mpaka wa nchi. Ngamia wa Moyale ya Kenya na ngamia wa Moyale ya Ethiopia ni walewale, na huenda wakanywa maji katika kisima kimoja. Kwa hiyo kazi ya kutambua mahali ina hatua mbili. Kwanza mnyama anautaja ukanda, kisha barabara yenyewe inaitaja nchi. Anayeruka hatua ya kwanza hubaki akibahatisha, na anayeishia hapo humtwika mnyama mzigo asioweza kuubeba.

Ngamia: nundu moja au mbili

Kwa ngamia jambo la kwanza ni nundu. Ngamia wa nundu moja ndiye aliye mwingi zaidi duniani. Eneo lake linaanzia Mauritania na Moroko, linakatiza Sahara na Sudan, linashika Pembe ya Afrika na kaskazini mwa Kenya, linavuka Bara Arabu na Iran, na kufika Pakistan na jimbo la Rajasthan nchini India. Ngamia wa nundu mbili ni wa nchi za baridi kali: Mongolia, kaskazini magharibi mwa China, na sehemu za Kazakhstan. Picha yenye nundu mbili inaiondoa Afrika na Arabuni mara moja.

Kuhesabu nundu si rahisi kila wakati. Ngamia anayetazama kamera uso kwa uso huficha mgongo wake, na ngamia wa nundu mbili aliyekosa malisho hulegea nundu zikaangukia ubavuni. Hapo manyoya husaidia. Ngamia wa nundu mbili ana miguu mifupi na kiwiliwili kizito, na wakati wa baridi huota manyoya marefu chini ya shingo na mapajani. Wa nundu moja ni mrefu, mwembamba, na manyoya yake ni mafupi. Turkmenistan, ingawa iko Asia ya Kati, hufuga zaidi ngamia wa nundu moja. Kazakhstan hufuga aina zote mbili pamoja na machotara wao, ambao mara nyingi wana nundu moja ndefu yenye bonde dogo katikati. Mgongo wa namna hiyo ni dalili nzuri ya Asia ya Kati. Kuna pia kundi dogo la ngamia wa nundu mbili katika bonde la Nubra huko Ladakh, India, ambako mchanga unapakana na milima yenye theluji na magari hupita kushoto.

Mtego mkubwa zaidi ni Australia. Katika karne ya 19 ngamia wa nundu moja walipelekwa huko kwa meli, pamoja na waongozaji kutoka nchi ambazo leo ni Afghanistan, Pakistan na India, ili kubeba mizigo jangwani. Magari yalipochukua kazi hiyo, wengi waliachiliwa na vizazi vyao vikawa wanyama wa porini. Ngamia wa Australia hutofautiana na wa Afrika kwa jambo moja kuu: hana mwenyewe. Hana kamba kichwani, hana chapa, hana kengele shingoni, na hakuna mchungaji nyuma yake. Vibao vya tahadhari huko ni vya njano vyenye umbo la almasi. Kwenye uwanda wa Nullarbor kuna kibao kinachoonyesha ngamia, kangaruu na wombati kwa pamoja, mchanganyiko usiopatikana penginepo.

Nchi za Ghuba zina dalili zao. Katika Falme za Kiarabu na Oman magari hupita kulia, na sehemu nyingi za barabara kuu zina uzio wa waya wa kuzuia ngamia. Ngamia wa mashindano huvalishwa nguo mgongoni na hutembezwa kwa misururu. Ila sehemu moja ya Oman huwachanganya wengi. Milima ya Dhofar, juu ya mji wa Salalah, hupata mvua za rasharasha na ukungu kati ya Juni na Septemba, msimu ambao Waarabu huuita harifu. Kwa miezi hiyo ngamia huonekana wakila majani mabichi katikati ya ukungu, na ng'ombe wadogo wenye nundu wakichunga karibu nao. Mtu anayeamini kwamba ngamia ni lazima aende na mchanga atapotea kabisa. Anayeijua Dhofar atataja mahali hapo kwa uhakika mkubwa, kwa sababu ngamia, ng'ombe, kijani kibichi na lami nzuri ya Ghuba hukutana pachache sana.

Hatua ya mwisho kwa ngamia ni kutazama kama anafanya kazi ya watalii. Ngamia mwenye tandiko la rangi nyingi kwenye ufuo wa Mombasa au Diani hasemi chochote kuhusu malisho ya pwani ya Kenya. Ameletwa hapo kubeba wageni, kama walivyo ngamia wa kisiwa cha Lanzarote nchini Uhispania.

Ng'ombe: nundu, pembe, na mwenye kundi

Ng'ombe wako karibu kila nchi, kwa hiyo kuona ng'ombe peke yake hakusaidii. Kinachosaidia ni umbo. Ng'ombe mwenye nundu juu ya mabega na ngozi pana inayoning'inia shingoni ni wa asili ya Bara Hindi, na hustahimili joto na kupe. Ng'ombe wa mgongo ulionyooka ni wa asili ya Ulaya na nchi za baridi. Mgawanyo huu hutenga sehemu za joto na za baridi, lakini haumalizi kazi, kwa sababu ng'ombe wa nundu wamesambazwa mbali. Ng'ombe weupe wa Kihindi walipelekwa Brazili na sasa wamejaa katika malisho ya huko, na jamaa zao wako kaskazini mwa Australia. Kundi la ng'ombe weupe wenye nundu, udongo mwekundu na magari yapitayo kulia linaweza kuwa Brazili. Kundi kama hilo pamoja na magari yapitayo kushoto humtaka mtazamaji azifikirie India na Australia.

Pembe husema zaidi. Ng'ombe wenye pembe ndefu nyeupe zilizopinda kama zeze ni wa wafugaji Wafulani wa Nigeria na nchi jirani. Kandokando ya Ziwa Chad kuna ng'ombe ambao pembe zao zimefura kama mapipa. Kusini mwa India, hasa katika jimbo la Tamil Nadu, pembe hupakwa rangi ya samawati, nyekundu au kijani wakati wa sikukuu ya mavuno ya Januari, na rangi hiyo hubaki kwa muda baadaye.

Afrika Mashariki ina mfano bora wa namna pembe na barabara zinavyofanya kazi pamoja. Ng'ombe wa Ankole, mwenye pembe kubwa zinazopanda juu na rangi ya kahawia iliyokolea, anapatikana kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo, na katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Pembe zake humleta mtazamaji katika eneo la maziwa makuu mara moja. Baada ya hapo swali ni moja: gari linapita upande gani? Uganda na Tanzania hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Katika vivuko vya Gatuna na Rusumo madereva hubadili upande, na hivyo pembe zilezile zikiwa na lami ya kushoto zinaitaja Uganda au Kagera, na zikiwa na lami ya kulia zinataja ng'ambo.

Hapo sheria ya ufugaji huongeza dalili nyingine. Rwanda imehimiza ufugaji wa ndani, ambapo ng'ombe hukatiwa majani na kulishwa bandani, na tangu 2006 mpango wa Girinka umegawa ng'ombe kwa familia maskini, wengi wao wakiwa chotara wa maziwa wenye mabaka meupe na meusi. Matokeo yake ni kwamba makundi makubwa yanayotembea juu ya lami si picha ya kawaida katika sehemu kubwa ya nchi hiyo. Anayeona kundi kubwa la Ankole likiziba barabara kuu, mchungaji akiwa na fimbo begani, ana sababu ya kuifikiria kwanza barabara ya Mbarara upande wa Uganda. Kutokuwepo kwa mifugo barabarani nako ni habari.

Mbuzi, na kondoo wanaodhaniwa mbuzi

Mbuzi ndiye shahidi dhaifu kuliko wote, kwa sababu anaishi popote panapoota kichaka. Mbuzi weupe wasio na mabaka wamejaa kaskazini mwa Kenya, lakini mbuzi weupe wako pia nchi nyingi nyingine. Kuna mahali pachache ambapo mbuzi peke yake anatosha. Kusini magharibi mwa Moroko, kati ya Essaouira na Agadir, mbuzi hupanda miti ya argani kula matunda yake, na baadhi ya wenye mbuzi huwapandisha kwa makusudi karibu na barabara ili wasafiri wasimame na kulipia picha. Mbuzi juu ya matawi, kando ya lami, ni dalili inayotaja eneo hilo moja kwa moja.

Kosa la kawaida ni kumwita kondoo mbuzi. Katika nchi za joto kondoo wengi hawana sufi; manyoya yao ni mafupi kama ya mbuzi. Namna rahisi ya kutofautisha ni mkia: mbuzi huusimamisha, kondoo huuning'iniza. Tofauti hii ina thamani, kwa sababu kondoo mmoja ni dalili nzuri kuliko mbuzi yeyote. Huyo ni kondoo wa Kisomali, mwenye mwili mweupe, kichwa cheusi mpaka shingoni, na mafuta mengi kwenye makalio na mkia. Hufugwa Somalia, mashariki mwa Ethiopia, Djibouti na kaskazini mwa Kenya, na husafirishwa hai kwenda Ghuba. Afrika Kusini ina kondoo aitwaye Doper, chotara aliyetokana na damu hiyo, mwenye kichwa cheusi vilevile. Lakini Doper mara nyingi ni mnene zaidi, hana mkia wa mafuta mengi, na hukaa ndani ya mashamba yenye uzio wa waya.

Kulungu wa Aktiki: shahidi wa kaskazini

Kaskazini ya mbali ya Ulaya, mnyama wa barabarani ni kulungu wa Aktiki, mwenye pembe zenye matawi, manyoya ya kijivu na kwato pana zinazofaa kukanyaga theluji. Nchini Finland eneo la kumfuga ni takriban asilimia 36 ya nchi yote, upande wa kaskazini, na maelfu hugongwa na magari kila mwaka. Wanyama hawa si wa porini. Kila mmoja ana mwenyewe, na alama ya mwenyewe ni mikato iliyochongwa kwenye kingo za masikio akiwa mdogo. Picha ya karibu ikionyesha mikato hiyo, kulungu huyo ni wa wafugaji, na hivyo Alaska, ambako wengi ni wa porini, inasogea mbali.

Pembe zake husaidia kukisia majira. Madume hudondosha pembe baada ya msimu wa kupandana, mwanzoni mwa majira ya baridi, ilhali majike wengi hubaki nazo mpaka karibu na kuzaa. Kiangazi pembe hufunikwa na ngozi laini yenye vinyweleo. Wakati huo kulungu hupenda kusimama juu ya barabara, kwa sababu upepo wa mahali pa wazi huwapunguzia mbu. Wakati wa theluji hufuata barabara kwa kuwa imesafishwa na ni rahisi kutembea.

Kutenganisha nchi tatu za ukanda huu kunahitaji kuangalia lami na vibao. Zote hupita kulia. Norwei huchora mstari wa njano katikati ya barabara, na Uswidi hutumia mweupe. Finland ilikuwa na mistari ya njano ya kukataza kupita gari lililo mbele, lakini sheria ya barabara iliyoanza 2020 imeleta mweupe, hivyo picha za zamani na mpya hutofautiana. Kibao cha tahadhari cha Norwei kina sehemu nyeupe ndani ya pembetatu nyekundu. Cha Uswidi na Finland kina njano. Nchini Uswidi wafugaji hufunga mifuko myeusi ya plastiki kwenye nguzo za kando ya barabara kumwonya dereva kwamba kundi liko karibu. Kigeni kimoja ni kundi dogo la Uskoti, kwenye milima ya Cairngorm, lililopelekwa huko 1952. Huko magari hupita kushoto, na hilo linatosha kulitambua.

Mfano: picha moja, hatua kwa hatua

Tuseme kuna picha yenye barabara nyoofu ya lami. Ngamia wanane wanavuka. Nyuma yao kuna kondoo weupe wenye vichwa vyeusi. Kando ya lami kuna mawe meusi yaliyotapakaa na miti michache ya miiba. Lori linakuja kuelekea kamera, na liko upande wa kulia wa picha. Kijana mwenye fimbo anafuata kundi.

Kwanza nundu: ni moja kwa kila mnyama, na manyoya ni mafupi. Mongolia na China zinaondoka. Pili mwenye kundi: yuko, na ngamia wawili wana kengele za mti shingoni. Australia inaondoka. Tatu kondoo: vichwa vyeusi na mikia minene vinaupunguza ukanda hadi Pembe ya Afrika. Bara Arabu halijaondoka kabisa, kwa kuwa kondoo hao huuzwa huko, lakini kundi linalochungwa kwa miguu na mtu mmoja kando ya barabara isiyo na uzio linalisogeza mbali.

Nne lori. Linalokuja likiwa kulia kwa mtazamaji lina maana kwamba magari ya upande wa kamera yako kushoto. Somalia, Ethiopia na Djibouti hupita kulia. Nchi ya Pembe inayopita kushoto na yenye ngamia wengi ni Kenya. Hapa tahadhari mbili zinahitajika. Mahali pa usukani hapatoshi, kwa sababu Somalia ina magari mengi yenye usukani wa kulia ilhali yanapita kulia. Kinachohesabika ni upande wa barabara. Tena lori linaweza kuwa linalipita gari jingine, kwa hiyo ni bora kutafuta gari la pili, au kuangalia vibao vimesimamishwa upande upi.

Tano ni kuchagua barabara ndani ya Kenya. Ngamia wako Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera, Garissa na Isiolo. Mawe meusi ni ya volkano, na yametapakaa kuzunguka Mlima Marsabit na kuelekea Turbi. Upande wa Wajir na Garissa ardhi ni ya mchanga na udongo mwekundu, bila mawe hayo. Turkana pia ina ngamia na mawe ya volkano, lakini kondoo wenye vichwa vyeusi hawatawali makundi ya huko. Barabara kuu ya lami inayopita kwenye mawe hayo ni ile ya Isiolo kwenda Moyale, yenye urefu wa kilomita 500 hivi, ambayo lami yake ilikamilika katika muongo wa 2010. Kabla ya hapo ilikuwa ya vumbi na mawe, na hivyo lami inataja pia umri wa picha. Kama ngamia mmoja angebeba miti iliyopinda, hiyo ingekuwa nyumba inayohamishwa, desturi ya Warendille na Wagabra wa eneo hilohilo. Kama badala ya ngamia wangeonekana ng'ombe weupe wa Kiborana, mtazamaji angesogea kaskazini zaidi, karibu na Moyale.

Jibu basi ni barabara ya Marsabit, mahali fulani kati ya Laisamis na Turbi. Nguvu ya jibu haitokani na ngamia peke yake. Ngamia aliondoa mabara, kondoo akaondoa nchi za mbali, lori likaondoa majirani, na mawe yakaondoa kaunti nyingine. Kila dalili ilifanya kazi iliyo ndani ya uwezo wake.

Pale jibu linapoweza kukosea

Kosa la kwanza ni picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo, ambayo huhamisha magari yote upande wa pili. Maandishi yoyote, hata namba za gari au jina kwenye ubao wa lori, huonyesha kama yamepinduka. La pili ni ukame. Mvua zinapokosekana, wafugaji husafiri mamia ya kilomita nje ya malisho yao ya kawaida, na katika miaka mibaya ng'ombe wa Wamaasai wameonekana hadi ndani ya jiji la Nairobi. La tatu ni mnyama aliye safarini ndani ya lori, au aliyefungwa uani kwa hoteli. Huyo hasemi lolote kuhusu ardhi anayokanyaga. La nne ni kuzaliana kwa aina tofauti. Chotara huchukua pembe za upande mmoja na rangi ya upande mwingine, na hereni za plastiki masikioni huonyesha tu kwamba amesajiliwa, maana nchi nyingi huzitumia.

Kwa sababu hiyo jibu linafaa kutolewa kwa ngazi. Mnyama peke yake hutaja ukanda. Mnyama na mwenye kundi hutaja aina ya ufugaji. Vikiongezwa upande wa barabara na aina ya ardhi, nchi na hata wilaya hujulikana. Dalili mbili zikigongana, kwa mfano kondoo wa Pembe ya Afrika na kibao cha njano chenye umbo la almasi, inafaa kuanza upya na kuukagua utambuzi wa mnyama kabla ya kuitilia shaka barabara, kwa kuwa mifugo huhamishwa kirahisi kuliko sheria za barabarani.